Somo: Kumvua fulana na kumvalisha shati na koti pichani, bila kola kuelea wala kidevu kubaki na njano

Kazi ya somo hili ni picha ya mzee mmoja aliyefariki. Binti yake alinijia na picha ya simu, pikseli 3024 kwa 4032, mzee kasimama barazani, uso mzuri ajabu, ila kavaa fulana ya njano ya shingo ya mviringo. Familia ilitaka picha ya kuweka mbele ya jeneza, mzee awe na shati jeupe na koti la kijivu. Nilifanya kwa Photoshop, na majina ya zana nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Kwanza, nguo itoke wapi

Mnazijua zile suti za PNG zinazohama kutoka fleshi hadi fleshi kwenye mastudio. Nimeshaona ukuta mmoja wa sebule wenye ndugu watatu, wote ndani ya suti ileile, na mkunjo uleule chini ya kifungo. Tatizo lake kubwa hata si hilo. Zimepigwa kwa mwanga wa mbele, mabega yamenyooka kama mbao, na mtu wako amesimama kwa mwanga wa pembeni na bega moja limeshuka.

Mimi hupiga nguo mwenyewe. Kabla ya kupiga, soma mwanga wa picha ya mteja: nukta nyeupe ndani ya mboni iko upande gani, na kivuli cha pua kimeangukia shavu lipi. Kwa mzee huyu mwanga ulitoka kushoto kwetu sisi watazamaji, juu kidogo, laini wa barazani. Nikamvalisha kijana wangu wa studio shati na koti, nikamsimamisha mlangoni mwanga umjie upande huohuo, nyuma yake nikatundika kitambaa cha kijivu, na simu nikaishika usawa wa kifua, kama mita mbili hivi, kwa kuwa picha ya mzee nayo inaonekana imepigwa hivyo. Nguo iwe mwilini mwa mtu. Ikiwa kwenye henga, mikunjo yote inaning'inia wima na kifua kinakuwa bapa.

Usikwepe kazi hii kwa kuigeuza nguo kushoto-kulia ili mwanga ulingane. Vifungo vya shati la kiume vipo kulia kwa mvaaji na mfuko wa kifuani upo kushoto. Ukigeuza, unamvisha marehemu shati la kike, na fundi cherehani akija msibani ataliona kabla ya kuketi.

Kukata na kusafisha

Kata nguo kwa `Pen Tool`, njia yako ipite pikseli moja ndani ya ukingo ili ukijivu wa kitambaa usibaki kama utepe. Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: tenganisha sehemu ya ndani ya kola, ile inayoonekana nyuma ya shingo, iwe leya yake. Utaona sababu baadaye.

Kwenye picha ya mzee, nakili kichwa na shingo kwenye leya mpya yenye maski. Leya ya chini isafishe kwa `Clone Stamp` pale fulana ya zamani inapoweza kuchungulia nje ya koti, hasa mikononi na begani. Hapa hapana siri, ni uvumilivu tu.

Kuipachika bila kuua mikunjo

Punguza `Opacity` ya nguo hadi 50 uone fulana ya zamani chini yake. Bonyeza `Ctrl+T`, linganisha kwanza shimo la shingo, kisha mishono ya mabega. Koti lina pedi, kwa hiyo bega lake litoke nje kidogo ya bega la fulana, upana wa kidole hivi ukilinganisha na mwili wa mtu huyo. Likitoka zaidi ya hapo, kichwa kinaonekana kidogo na watu watasema "hii si picha yake" bila kujua kwa nini.

Bega la mzee upande wetu wa kulia lilikuwa limeshuka kama pikseli 60. Nilitumia `Edit > Puppet Warp`: pini mbili kwenye ncha za kola zisisogee, moja kwenye kifungo cha koti, moja kila bega, kisha nikavuta ile ya bega lililoshuka peke yake. Kanuni yangu ni kuvuta kingo na kuiacha katikati ya nguo. Mkunjo una mahali unapoanzia: kwapani, kwenye kifungo, kwenye kiwiko. Ukivuta katikati ya kifua, mkunjo unanenepa upande mmoja na unaanza kutoka mahali pasipo na kitu kinachoukaza. Jicho la mtu asiyejua kitu kuhusu kompyuta hulinasa hilo, atasema nguo "imelowa". Ukiona umehitaji kuvuta zaidi ya hapo nilipovuta mimi, rudi ukaipige nguo upya na kijana ashushe bega. Ni dakika tano.

Kola

Mpangilio wa leya kutoka chini: mandhari iliyosafishwa, kola ya ndani, kichwa na shingo, kisha nguo ya mbele. Shingo sasa imeingia *ndani* ya kola. Bila leya ile ya nyuma, shati linakaa mbele ya shingo kama bibu ya mtoto.

Halafu vivuli, na hapa ndipo kola huacha kuelea. Tengeneza leya mpya ya `Multiply`. Rangi usichukue nyeusi; ichukue kwenye kivuli cha shingo ya mtu mwenyewe, utapata kahawia nzito. Anza na mstari mwembamba, pikseli tatu au nne, pale kola inapogusa ngozi. Kisha brashi pana laini, `Opacity` 30, kwa kivuli cha kidevu kinachoangukia kola. Kivuli hiki usikibuni: irudie picha ya awali, tazama kwenye fulana kilifika wapi na kilielekea upande gani, ukifuate.

Njano iliyobaki kwenye ngozi

Nilipomaliza kola, binti akatazama akasema, "Baba anaonekana mgonjwa." Hakuwa amekosea. Fulana ya njano ilikuwa imerudisha mwanga wake chini ya taya na pembeni mwa shingo. Nguo nimeitoa, njano imebaki.

Pima kwa `Eyedropper`, usiamini macho. Shavuni nilipata R 142, G 97, B 74. Chini ya taya R 118, G 88, B 42. Tazama bluu: shavuni ni nusu ya nyekundu, chini ya taya ni kama theluthi tu. Hapo ndipo njano ilipokaa.

Dawa yake ni leya tupu juu ya ngozi, hali ya `Color`, brashi laini yenye rangi ya shavu, upake chini ya taya na shingoni. `Color` hubadili rangi ikaacha mwanga na giza kama vilivyo, kwa hiyo vinyweleo na mikunjo ya shingo havifutiki. Kwa `Opacity` 70 namba zikawa kama R 124, G 83, B 53. Sikwenda hadi ilingane kabisa na shavu, maana chini ya taya ni kivulini na kivuli cha ngozi nyeusi huwa na wekundu zaidi. Ukisawazisha kila mahali, uso unakuwa kama umepakwa faundesheni.

Na shati jeupe nalo hurudisha mwanga. Nikaongeza `Curves` yenye maski, nikainua kidogo sana ukingo wa chini wa taya upande wa mwanga. Kidogo, yaani ukiizima na kuiwasha uone tofauti, lakini ukiiacha usiione.

Weupe wa shati

Nyuma ya mzee kulikuwa na ukuta wa chokaa, bahati nzuri. Ulisoma R 226, G 219, B 205. Huo ndio weupe wa baraza ile, una ujoto. Shati langu la studio lilikuwa na ubluu, kwa hiyo nikaliwekea `Curves` ya `Clipping Mask`, nikashusha bluu hadi lielekee kule ukuta ulikoelekea, na sehemu yenye mwanga zaidi isipite 238. Shati likifika 255 mikunjo inafutika, na kwenye karatasi linatoka tundu jeupe.

Mwisho, nguo ilikuwa kali kuliko uso. `Gaussian Blur` 0.5, `Add Noise` asilimia 1.5, ikatulia. Kabla ya kuchapa, weka `Black & White` juu ya leya zote kwa muda: rangi zikiondoka, kivuli kilichokosewa kinajianika. Kisha iondoe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mteja wangu ni mama aliyevaa gauni la kola ya juu, anataka la shingo wazi. Ngozi ya kifua naitoa wapi?*

Marahaba. Usiinyooshe kutoka usoni. Vinyweleo na mng'ao wa shavu si vya kifua, itaonekana plastiki. Muulize kama ana picha nyingine ya siku ileile. Kama hana, mshawishi achague nguo inayofunika sawa na ile ya zamani au zaidi. Mimi kazi hiyo huikataa bila aibu.

*Kaka, na shati la kitenge? Nikibandika maua juu ya shati jeupe yanakaa kama stika.*

Kwa sababu maua hayafuati mikunjo. Nakili shati, lifanye kijivu, lilainishe kwa `Gaussian Blur` pikseli tatu hivi, lihifadhi kama PSD. Kwenye leya ya kitenge nenda `Filter > Distort > Displace`, anza na 10 kwa 10, chagua ile PSD. Kisha weka kitenge `Multiply` ili vivuli vya shati vipite. Fanya mkono, kifua na kola kila kimoja peke yake, maana fundi hushona vipande tofauti na maua hayaendelei kupita mshono. Shati la chini liwe jeupe au la rangi hafifu. Jeusi halina mikunjo ya kukupa.

*Mkuu, naweza kumvalisha mtu koti kwa njia hii kwenye picha ya viza ya Marekani?*

Hapana. Wamarekani hawapokei picha iliyobadilishwa kwa programu. Weka koti moja la kuazimisha pale studio, mteja alivae, umpige.

*Natumia GIMP, hiyo* `Color` *ipo?*

Ipo, tafuta `HSL Color` kwenye orodha ya hali za leya. `Multiply` ni jina lilelile. Badala ya `Puppet Warp` tumia `Cage Transform`, ila chora kizimba chako mbali kidogo na kola isije ikapinda nayo.

*Mzee wangu ana ndevu ndefu zimeshuka hadi kwenye kola. Zinakatika.*

Ndevu zibaki kwenye leya ya juu kabisa, juu ya nguo, na maski yake uipake kwa brashi ya pikseli mbili ukifuata unywele. Ndevu zikiwa nyeupe na shati jeupe, badili shati liwe la bluu hafifu. Utajiokolea saa nzima.