Mgeni kijijini: kutoka wazo la juu juu hadi kiini cha hadithi

"Mgeni anafika katika kijiji tulivu." Sentensi hii ina mtu, mahali na tukio, lakini ukikaa kuiandika utakwama ukurasa wa tatu. Mgeni ameshuka kwenye boda, amesalimia, amepewa kiti na maji ya kunywa, kisha kimya. Hakuna kinachomlazimu mtu yeyote kufanya lolote.

Kiini cha hadithi ni sentensi moja hadi tatu zinazosema nani anataka nini, nani yuko njiani mwake na kwa sababu gani, na kitu gani kitapotea. Hapa tutalichukua wazo hilo hilo la mgeni na kulisogeza hadi lifike hapo. Utahitaji karatasi mbili na jioni moja.

Hatua ya 1: Anza na utulivu, mwache mgeni asubiri

Wengi huanza kwa kujiuliza mgeni ni nani. Jasusi? Mchawi? Mtoto aliyepotea zamani? Majibu yote hayo yanamhusu mgeni peke yake, na kijiji kinabaki kama picha iliyotundikwa ukutani nyuma yake. Neno lenye mali katika sentensi yetu ni "tulivu".

Kijiji chenyewe hakina utulivu. Kuna jogoo, mashine ya kusaga, redio, watoto wanaolia, watu wanaogombania mpaka wa shamba. Ukisema ni kitulivu, unachomaanisha ni kwamba kuna jambo moja lisilosemwa. Andika sababu kumi za ukimya huo. Nne au tano za kwanza zitakuwa zile zinazomjia kila mtu: laana, uchawi, hazina iliyofukiwa, mauaji ya zamani. Ziandike tu zikutoke. Kuanzia ya sita utalazimika kufikiria kazi ambazo watu wa pale wanafanya kweli, na hapo ndipo sababu nzuri hukaa.

Chagua moja kwa maswali matatu: nani ananufaika na ukimya huu, nani anaulipia, na nani hajui kwamba upo? Kama hakuna anayenufaika, ulichonacho ni huzuni. Mgeni hawezi kuivuruga huzuni. Atakaa nayo tu.

Mfano wetu uwe mwalo mdogo wa wavuvi upande wa Uganda wa Ziwa Albert. Sababu tuliyoichagua ni hii: mwaka mmoja nyuma boti ilizama usiku ikiwa imejaza abiria kutoka ng'ambo, Kongo. Taarifa iliyopelekwa ilisema ndani walikuwamo wavuvi tu. Mwenye boti alizilipa familia za marehemu wa mwaloni. Maji yalitupa pwani maiti ya mwanamke mmoja asiyejulikana, akazikwa pembeni mwa makaburi bila jina. Anayenufaika ni mwenye boti, pamoja na nusu ya mwalo inayofanya kazi kwenye boti zake. Anayelipia ni yule asiye na jina. Wasiojua ni ndugu zake.

Hatua ya 2: Mpe mgeni haja moja ndogo

Usimpe haja ya "haki" wala "ukweli". Hayo ni makubwa mno, hayaonekani kwa macho, na mhusika anayeyatafuta huishia kuhutubia. Mpe kitu anachoweza kumtajia mtoto aliyekutana naye njiani: "Natafuta kaburi la dada yangu." Mtoto ataelewa, na anaweza hata kunyoosha kidole.

Kisha jibu swali la pili: kwa nini amekuja sasa? Bila jibu hilo angeweza kuja mwaka ujao, na hadithi inalegea. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 zililifanya Ziwa Albert lipande, na mwaka 2020 maji yaliingia kwenye makazi ya pwani, Ntoroko na Buliisa. Kaburi letu liko bondeni, karibu na maji. Akichelewa hatalikuta.

Ukitumia mwaka halisi, pitia kalenda yake kabla ya kuendelea. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa sababu ya korona. Mwanamke akivuka ziwa mwezi Mei, watu wa mwaloni wataogopa kikohozi chake kabla ya kusikia jina la dada yake, na hapo umeshaingia kwenye hadithi nyingine kabisa. Mweke Februari.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kumficha msomaji haja ya mgeni hadi mwisho, kwa kutumaini kwamba ataingiwa na hamu. Asiyejua mgeni anatafuta nini hana cha kumhofia. Wanakijiji wanaweza kufichwa kwa siku moja au mbili, lakini msomaji ajue mapema, ili kila mlango mgeni anaobisha umshtue.

Hatua ya 3: Mtafute anayelazimika kumjibu

Hapa ndipo mawazo mengi hupona au kufa, kwa hiyo usiharakishe.

Mgeni wetu ameshaamua: atatafuta mpaka apate. Aliyeamua tayari hawezi kuibeba hadithi peke yake, maana hakuna kinachobadilika ndani yake. Mhusika mkuu ni yule ambaye bado hajaamua na hana pa kukimbilia. Mtafute kwa kuuliza: katika kijiji hiki, ni nani ambaye kazi yake ni kumjibu mgeni?

Uganda inakupa jibu mkononi, nalo ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mgeni anayetaka kukaa kijijini hutarajiwa kujulishwa kwake, na mara nyingi huulizwa barua yenye muhuri kutoka kwa mwenyekiti wa alikotoka. Mama huyu ametoka ng'ambo, hana barua ya LC. Tazama jinsi tukio la kwanza linavyojileta: baraza, meza, muhuri, mwanamke asiye na karatasi. Na anapofungua mdomo, "Naomba fasi ya kulala, mwenyekiti," neno "fasi" peke yake linatosha kumwambia mwenyekiti kwamba huyu katoka upande gani wa ziwa. Halafu ongeza uzito: muhuri huo huo ndio uliogongwa kwenye taarifa ya uongo kuhusu boti.

Usitosheke na hapo. Uchimbe utaratibu wa mahali mpaka ukupe deni. Uchaguzi wa LC1 wa mwaka 2018 ulikuwa wa kwanza tangu 2001, na wapiga kura walipanga mstari nyuma ya mgombea wao. Kwa hiyo vijana wa mwenye boti walisimama nyuma ya mwenyekiti wetu mchana kweupe, na mwalo mzima ukaona ni nani aliyemfikisha kwenye kiti. Deni lenye mashahidi wote hao lina nguvu kuliko adui yeyote utakayembuni, na ulilipata kwa kuuliza tu kura zilipigwaje.

Kinachoharibika sana hapa ni kumfanya mwenyekiti mla rushwa. Akiwa mbaya, jibu linajulikana mapema na msomaji anasubiri tu aaibishwe. Mwandikie aya ya utetezi yenye sentensi tano, kana kwamba wewe ndiye wakili wake. Mfano: fidia zile zimekwisha, zimelipa karo, familia zikiambiwa zirudishe zitauza nyavu. Boti zikizuiwa, watoto watalala njaa wiki hiyo hiyo. Marehemu hatafufuka. Na yeye mwenyewe ndiye aliyetoa shuka la nyumbani kwake ili yule mwanamke asizikwe uchi. Alitaka mambo yaishe kwa amani. Ukiisoma aya yako usimwamini, badilisha sababu zake, usibadilishe mtu.

Hatua ya 4: Andika sentensi yenyewe

Jaribio la kwanza huwa hivi: "Mwanamke wa ajabu anafika kijiji cha wavuvi na kufichua siri ya zamani." Maneno "ajabu", "siri" na "zamani" ni shela; yafute uone kinachobaki. La pili huegemea upande mwingine: "Mwenyekiti lazima achague kati ya ukweli na kijiji chake." Hapa uamuzi upo, lakini hauna mwili.

La tatu: "Ziwa linapopanda kuelekea makaburi ya mwalo wao, mwenyekiti wa LC1 aliyegonga muhuri kwamba boti iliyozama haikuwa na abiria anafikiwa na mwanamke kutoka ng'ambo anayetaka kuondoka na mifupa ya dada yake. Akimwonyesha kaburi, anakiri alidanganya na kumwangusha mwenye boti anayelisha nusu ya mwalo. Akinyamaza, maji yatalichukua kabla ya mwezi kwisha."

Ni chini ya maneno sitini. Yako ikizidi hapo, kwa kawaida umeingiza mhusika wa ziada au historia ambayo nafasi yake ni ndani ya hadithi.

Hatua ya 5: Ijaribu kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza

Kwanza, hamisha kijiji. Kipeleke kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kama hadithi inaendelea vilevile, mahali palikuwa pambo. Yetu inavunjika papo hapo, na ndivyo tunavyotaka.

Pili, mwache mgeni aondoke. Amekataliwa siku ya kwanza. Kwa nini asirudi kwao? Usiposhika jibu, hadithi itaisha ukurasa wa nne. Boti ya kumrudisha inavuka siku ya soko tu, na soko ni siku tatu mbele.

Tatu, pangilia matukio sita, kila moja mstari mmoja, na uyaunganishe kwa "lakini" au "kwa hiyo". Ukihitaji "halafu", mnyororo umekatika pale. Mama anaomba mahali pa kulala, lakini hana barua. Mvua imeanza, kwa hiyo mwenyekiti anamlaza nyumbani kwake, apate kumchunga. Lakini mkewe anasikia habari za dada aliyepotea na kulikumbuka shuka lake. Kwa hiyo anamuuliza mumewe usiku, na jirani anasikia. Kwa hiyo alfajiri mwenye boti anafika na pesa za kumpa mgeni aende zake, lakini usiku huo maji yamefika mstari wa kwanza wa makaburi.

Tukio la sita lilikuwa ndani ya lugha yetu tangu mwanzo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mama analichukua jembe la mwenyekiti ukutani na kushuka makaburini. Hajui ni tuta lipi, anaanza na la kwanza analolifikia. Mwenyekiti yuko barazani, anamwona. Atakachofanya usikiamue leo. Kama tayari unakijua, rudi hatua ya 3 ukaiandike upya ile aya ya utetezi.