Kabla ya tochi ya kukatia chuma kuwashwa: mambo ya kuzingatia kabla ya kukata tangi la meli ufukweni

Tarehe 1 Novemba 2016, meli kuukuu ya mafuta iitwayo Aces ililipuka ufukweni Gadani, Pakistani, ambako meli zilizozeeka huvunjwa. Wafanyakazi walikuwa wameanza kuikata huku ndani kukiwa bado na mabaki ya mafuta. Watu zaidi ya ishirini walifariki, na moto ukawaka kwa siku kadhaa. Ndiyo maana naanza na matangi. Nguzo ya chuma inayoning'inia mtu huiona, lakini hewa ya tangi haionekani, na ikiharibika hufagia kundi zima kwa mara moja.

Maandalizi huanza meli ikiwa bado baharini. Mkataba wa Hong Kong, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kuvunja meli kwa usalama, uliopitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika tarehe 26 Juni 2025, unataka meli ya mafuta ifike kwenye yadi ya kuvunjia meli ikiwa na matangi ya shehena na chumba cha pampu katika hali ya kuweza kuidhinishwa kwa kuingia, au kwa kazi ya moto kama kukata chuma kwa tochi, au kwa yote mawili. Meli ifike pia na orodha ya vitu vyake vya hatari: asbesto iko kwenye mabomba gani, ni rangi zipi zina sumu, mafuta kiasi gani yamebaki na yamebaki wapi. Yadi huandika mpango wake wa kuivunja meli hiyo kwa kuifuata orodha hiyo. Kabla ya jambo lingine lolote, msimamizi aichukue orodha na kutembea nayo ndani ya meli. Chumba ambacho hakimo kwenye orodha kichukuliwe kuwa na sumu mpaka kipimwe.

Sasa tufike kwenye tangi lenyewe. Kuna vibali viwili, na watu huvichanganya sana. Kibali cha kuingia kinasema mtu anaweza kupumua humo. Kibali cha kazi ya moto kinasema cheche inaweza kuangukia humo. Tangi linaweza kufaulu mtihani wa kwanza na kufeli wa pili, kwa sababu mapafu ya mtu hayapashi chuma joto. Tochi hupasha.

Kupima kuna utaratibu wake. Kwanza oksijeni, ambayo inatakiwa iwe karibu na 21%. Pili gesi inayowaka. Tatu gesi za sumu, hasa haidrojeni salfaidi. Utaratibu huu una sababu yake. Vipima gesi vingi hufanya kazi kwa kuichoma gesi kidogo ndani ya sensa, na kuchoma kunahitaji oksijeni. Ukikishusha kipimo cha namna hiyo kwenye tangi lisilo na oksijeni ya kutosha, kitaonyesha sifuri huku tangi limejaa gesi. Sifuri hiyo ni uongo, na asiyeanza na oksijeni hana njia ya kuutambua. Oksijeni nayo hupungua hata pasipo mafuta: tangi la maji ya uzani, yaani maji ya kuituliza meli baharini, lililofungwa kwa miezi hupoteza hewa yake taratibu, kwa kuwa kutu huila oksijeni.

Pima juu, katikati na chini kwa kushusha mrija ukiwa umesimama nje. Mvuke wa mafuta na haidrojeni salfaidi ni mizito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa sakafuni na nyuma ya mbavu za chuma. Kipimo kilichochukuliwa mdomoni mwa tangi kinakueleza habari za mdomo tu. Pua nayo usiitegemee: haidrojeni salfaidi hunuka kama mayai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua uwezo wa kunusa, na mtu huamini imekwisha.

Chukulia tangi la pembeni ambalo limeoshwa na kupitishiwa hewa kwa feni usiku kucha. Saa moja asubuhi oksijeni ni 20.9% juu na chini, na gesi inayowaka ni sifuri. Miongozo ya mkataba inataka gesi hiyo isizidi 1% ya kiwango cha chini cha kuwaka, yaani kiasi kidogo kabisa cha gesi hewani kinachoweza kushika moto, hivyo kibali cha kuingia kinatolewa. Ifikapo saa tano jua limepiga ubavu wa meli na chuma kimepata joto. Kipimo cha chini kinasoma 4%. Hakuna aliyemwaga kitu. Chini ya magamba ya kutu kulikuwa na matope mazito ya mafuta ambayo maji hayakuyafikia, na joto limeanza kuyatoa mvuke. Kama jua peke yake limefanya hivyo, tochi itafanya nini?

Hapo kibali kinafutwa, watu wanatoka, magamba yanakwanguliwa na matope yanazolewa kwa koleo na ndoo mpaka chuma kionekane. Kazi hii ni chafu na ya polepole, na hairukiki. Baada yake pima upya. Kibali cha asubuhi hakifai kutumika mchana ikiwa joto limebadilika, feni imezimika, au kazi imesimama kwa muda. Anayekitoa awe mtu mwenye ujuzi na mamlaka ya kusema hapana, wala asiwe yule anayelipwa kwa tani za chuma zilizokatwa.

Kabla ya kukata, angalia na upande wa pili wa ukuta. Moto wa tochi hupita kwenye bamba na kuwasha rangi, mafuta au sufi ya kuzuia joto katika chumba jirani ambako hakuna mtu. Vyumba vyote vinavyopakana visafishwe pia, na mlinzi wa moto akae huko na mpira wa maji wenye presha. Rangi iondolewe kwenye mstari wa kukata, kama sentimita 10 kila upande. Rangi kuukuu za meli mara nyingi huwa na madini ya risasi, na moshi wake huingia kwenye damu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapo. Asbesto itolewe kabla ya tochi kufika karibu, ikiwa imeloweshwa, na watu waliofunzwa ndani ya eneo lililofungwa.

Ufukwe wenyewe una ugumu wake. Meli huingizwa kwa kasi wakati wa bamvua ili ipande juu kabisa, kisha maji yakipwa hubaki kwenye matope. Winchi hazisimami imara hapo, gari la wagonjwa halifiki, na maji yakijaa meli huzungukwa tena. Kwa hiyo kabla ya zamu kuanza uliza: mtu akianguka ndani ya tangi saa ambayo maji yamejaa, atatolewaje? Jibu liwe na watu, kamba, tripodi na mitungi ya hewa, vyote viko tayari mdomoni mwa tangi. Pasipo hivyo, mwenzake ataruka ndani kumwokoa na watakuwa maiti wawili. Imetokea mara nyingi mno.

Yadi zenye viwango bora hushusha vipande kwa winchi hadi kwenye sakafu ya zege yenye mifereji inayokusanya mafuta, badala ya kuviacha vianguke mchangani. Hata hivyo, yadi yenye zege inaweza bado kuwa inakata omo ya meli ndani ya eneo la kupwa na kujaa. Ukienda kuikagua, usiridhike na sakafu. Omba kibali cha tangi linalokatwa siku hiyo, soma saa iliyoandikwa, halafu tazama saa yako.