Kugawanya namba changamano kwa konjugeti: alama ya toa iliyoniibia jioni nzima

Juzi nilikuwa namsaidia mdogo wangu hesabu za namba changamano, nikamwona anaangukia shimo lile lile nililoangukia mimi zamani. Swali lenyewe ni hili:

```
(-1 + 8i) / (3i - 2)
```

Jibu lake lilikuwa -2 + i. Jibu sahihi ni 2 - i. Tarakimu zile zile, alama zote zimegeuka.

Hatua ya 1: Panga asili upya

Andika sehemu halisi kwanza, yenye i mwisho. Kwa hiyo 3i - 2 inakuwa -2 + 3i. Usiruke hatua hii hata kama inaonekana ya kitoto.

Hatua ya 2: Tafuta konjugeti

Hapa ndipo penye kazi. Wengi tumekaririshwa kwamba konjugeti hupatikana kwa "kubadili alama ya katikati". Kanuni hiyo siipendi. Inafanya kazi pale tu i inapokuwa mwisho. Mdogo wangu aliona 3i - 2, akabadili alama ya katikati, akapata 3i + 2. Konjugeti ya kweli ni -2 - 3i: kinachobadilika ni alama ya sehemu yenye i, basi. Sehemu halisi haiguswi.

Ajabu ni kwamba 3i + 2 nayo inaifuta i kwenye asili, ndiyo maana kosa halijitangazi:

```
(3i - 2)(3i + 2) = 9i² - 4 = -13
```

Ni -13, si 13. Mtu aliyezoea kwamba asili huwa "mraba wa hiki jumlisha mraba wa kile" hafungui mabano hata kidogo. Anaandika 13 kwa mazoea, na jibu lote linageuka alama. Kumbe angefungua mabano na kuiacha -13 ilivyo, angepata jibu sahihi kwa kutumia namba ambayo si konjugeti.

Chora uone kwa nini. Chukua karatasi ya grafu (mimi siamini mchoro wa kichwani kwa mambo haya), weka nukta ya -2 + 3i: hatua mbili kushoto, tatu juu. Sasa fanya mhimili mlalo uwe kioo. Taswira ya nukta hiyo ni -2 - 3i, mbili kushoto, tatu chini. Hiyo ndiyo konjugeti. Umbali wake kutoka kitovu ni ule ule, ila pembe imegeukia upande wa pili: moja ina takriban nyuzi 124, nyingine nyuzi -124.

Namba changamano zikizidishwa, umbali huzidishana na pembe hujumlishana. Nyuzi 124 na -124 zikijumlishwa ni sifuri, kwa hiyo zao linalala juu ya mhimili mlalo, upande wa kulia wa kitovu, kwenye 4 + 9 = 13. Ile 3i + 2 je? Yenyewe ni taswira kwenye kioo kilichosimama wima. Pembe yake ni kama nyuzi 56, na 124 jumlisha 56 ni 180. Zao linalala kwenye mhimili ule ule, lakini kushoto. Hiyo ndiyo -13.

Hatua ya 3: Zidisha juu na chini

```
(-1 + 8i)(-2 - 3i) = 2 + 3i - 16i - 24i²
                   = 2 - 13i + 24
                   = 26 - 13i
```

Kumbuka i² ni -1, ndiyo maana -24i² imekuwa +24.

Hatua ya 4: Gawanya kila sehemu kwa 13

2 - i.

Na kwa nini tunagawanya kwa 13? Kuzidisha kwa konjugeti kumeshatuzungusha kurudi nyuma nyuzi 124, jambo ambalo kugawanya kunataka. Ila kumeurefusha umbali mara √13, wakati kugawanya kulitaka uufupishe mara √13. Kugawanya kwa 13 kunalipa deni hilo lote mara moja.

Hatua ya 5: Hakiki, lakini si kwa umbali peke yake

Kuna wanaohakiki kwa kulinganisha umbali: mraba wa umbali wa namba ya juu ni 65, wa asili ni 13, kwa hiyo wa jibu uwe 5. Sawa, 2 - i inatoa 5. Tatizo, -2 + i nayo inatoa 5! Kosa la alama linapita hapo bila kushikwa, kwa sababu majibu yote mawili yako umbali mmoja kutoka kitovu, yameelekeana tu.

Angalia pembe. Namba ya juu ina takriban nyuzi 97, asili 124, tofauti ni -27. Jibu lazima liwe kulia, chini kidogo ya mhimili mlalo. 2 - i iko hapo. -2 + i iko kushoto juu. Usipotaka pembe, zidisha jibu lako kwa asili: (2 - i)(-2 + 3i) inarudisha -1 + 8i. Ukifanya hivyo na -2 + i, utapata 1 - 8i.