"Bei hii ni sawa?": Jinsi ya kusoma makadirio ya fundi kabla hujauliza

Mtu anapiga picha karatasi ya fundi ya makadirio ya nyumba, anaituma kwenye kundi letu, anaandika: "Wadau, bei hii ni sawa?" Karatasi ina mistari sita: msingi, jamvi, kuta, lenta, paa, ufundi. Ramani hakuna, eneo halijatajwa, na vifaa vimeandikwa "saruji", "nondo", "bati", basi. Wa kwanza anajibu umeibiwa, wa pili anasema hiyo ni bei ya kutupa. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, maana kila mmoja anaipigia hesabu nyumba iliyo kichwani mwake.

Hatua ya 1: Funika jumla kuu, soma idadi

Weka kidole juu ya ile namba kubwa ya chini, kwa kuwa ndiyo inayokuvuruga. Pitia mistari na utenge yenye idadi (mifuko, vipande, tripu) na ile iliyoandikwa "jumla" tu. Mstari wenye idadi unaweza kuukagua. Mstari wa "Msingi, jumla" hakuna binadamu anayeweza kuukagua, hata awe mkadiriaji majenzi wa miaka mingi. Huo unarudi kwa fundi.

Hatua ya 2: Geuza idadi iwe vipimo

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo twende polepole kwa mfano mmoja. Tuseme karatasi inasema: "Jamvi, saruji mifuko 60." Nyumba ina mita 10 kwa 8, na mfuko ni wa kilo 50.

Eneo la sakafu ni mita za mraba 80. Jamvi la unene wa sentimita 10 linahitaji zege mita za ujazo 8. Kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), mita moja ya ujazo hula takriban mifuko 6.3. Zidisha kwa 8 unapata mifuko 51 hivi, ukiongeza ya kumwagika na kupotea inafika 53 au 54. Kwa nyumba hii, mifuko 60 imezidi kidogo. Siyo wizi, lakini ni jambo la kuuliza.

Sasa badilisha kitu kimoja. Jamvi likiwa la sentimita 15, zege inakuwa mita za ujazo 12, na saruji inapanda hadi mifuko 76. Ile 60 sasa haitoshi. Ama fundi atakurudia katikati ya kazi akidai nyongeza, ama atapunguza saruji kwenye mchanganyiko bila kukwambia. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu halionekani siku ile. Utaliona baadaye, sakafu ikianza kutoa vumbi na kumeguka.

Badilisha tena: sentimita 10, ila mchanganyiko ni moja-tatu-sita. Mita moja ya ujazo inakula mifuko kama 4.4, kwa hiyo jamvi zima linahitaji 35. Hapo mifuko 60 ni mingi mno.

Namba ni ileile, na imetoa hukumu tatu tofauti. Ndiyo maana swali la bei bila unene na mchanganyiko halina jibu.

Hatua ya 3: Dai jina kamili la kila kifaa

"Nondo 40" si maelezo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7 hivi, wakati ya milimita 10 ina kilo 7.4. Chuma kinauzwa kwa uzito hata pale unapokinunua kwa kipande, hivyo tofauti hiyo ni karibu theluthi ya bei. Bati nalo liandikwe geji yake, na ukumbuke kwamba namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 30 ni nyepesi kuliko geji 28. Tofali liandikwe upana wake. Kwa mbao, taja ukubwa na kama zimetiwa dawa.

Hatua ya 4: Taja eneo, na usiishie kwenye jina la mji

Anayekukagulia anataka kujua udongo, njia na maji. Udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi wake haufanani na wa kwenye changarawe ngumu. Kama lori haliwezi kufika kiwanjani, kokoto na mchanga vinabebwa mara ya pili, na hiyo ni gharama halali kabisa. Kiwanja cha mteremko nacho hula mawe na kifusi upande wa chini. Wengi husahau kulitaja hilo, halafu wanashangaa mstari wa msingi ni mnene.

Hatua ya 5: Uliza upya

Swali lenye kujibika linakuwa hivi: "Nyumba mita 10 kwa 8, ramani nimeambatanisha. Udongo ni changarawe, lori linafika. Jamvi sentimita 10, moja-mbili-nne, fundi kaandika mifuko 60. Je, idadi iko sawa?" Umeuliza mstari mmoja, na utapata jibu la maana.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi sina ramani. Kwa nini nisiulize tu bei kwa mita ya mraba?
Kwa sababu mita za mraba hazisemi umbo, ndugu yangu. Nyumba ya 10 kwa 8 na ya 20 kwa 4 zote ni mita za mraba 80. Ya kwanza ina mzunguko wa mita 36, ya pili 48. Kwa ukuta wa mita 3 kwenda juu, ya pili ina mita za mraba 36 zaidi za ukuta wa nje. Tofali la uso wa sentimita 45 kwa 22.5 huingia takriban 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo hapo kuna tofali 360 za ziada, na bado hujagusa msingi wala lipu. Kama ramani huna, chora kwa mkono na uandike vipimo vya kila chumba. Inatosha kuanzia.

Nina makadirio ya mafundi watatu. Nichukue ya katikati?
Hapana, dada. Kama kila mmoja kajipangia unene na nondo zake, hizo ni bei za nyumba tatu. Waandikie wote karatasi moja ya vipimo na vifaa, wajaze bei tu. Ukishapokea, linganisha mstari kwa mstari.

Fundi wangu amekasirika. Anasema nikitaka unene uandikwe simwamini.
Mwambie karatasi inamlinda na yeye. Siku ukitaka jamvi liongezwe unene, ana pa kusimamia kudai nyongeza. Akikataa kabisa kuandika, usimpe kazi ya zege.

Imeandikwa sentimita 10. Nitajuaje kama ndizo zinazomwagwa?
Pima kabla zege haijaja. Vuta kamba ikaze kutoka ubao wa pembeni mmoja hadi wa pili, kisha pima kwa futi kutoka kwenye kamba kushuka hadi kwenye nailoni iliyotandikwa juu ya kifusi. Usipime pembeni tu, ambako mara nyingi pako sawa. Nenda katikati ya chumba, kifusi hupenda kuinuka hapo, na unaweza kukuta sentimita 6. Ukikuta hivyo, kifusi kichotwe na kushindiliwa upya siku hiyohiyo, kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa.