Kuficha namba yako unapopiga simu, na jina linaloonekana upande wa pili linatoka wapi

Tuchukue mwalimu anayetaka kumpigia mzazi kwa laini yake binafsi bila kumwachia namba. Kwanza aulize mtandao hali ya laini yake, kwa kupiga:

```
*#31#
```

Majibu yatatokea kwenye kioo yakieleza kama kuficha namba kumewashwa au la. Kisha, kwa simu hiyo moja tu, aanze na alama hizi kabla ya namba ya mzazi:

```
#31#07XXXXXXXX
```

Angalia vizuri mwanzo wake. Ukiandika `*31#` umefanya kinyume: hiyo inaonyesha namba hata kama laini imewekwa kuficha.

Kabla ya kumpigia mzazi, ajaribu kwenye simu ya mtu wa nyumbani. Ikitokea "Private number" au "No Caller ID", imekubali. Namba ikionekana kama kawaida, au simu ikikatika papo hapo, huenda mtandao haujairuhusu huduma hiyo kwenye laini yake, na wa kuiwasha ni huduma kwa wateja.

Akitaka kuficha kila simu, kwenye Samsung afungue programu ya simu, aguse nukta tatu, aingie Settings, kisha Supplementary services, na kwenye Show your caller ID achague Never. Kwenye simu ya laini mbili, kila laini ina mpangilio wake. Binafsi napendelea kuficha simu moja moja, kwa sababu watu wengi hawapokei simu isiyo na namba.

Kinachofichwa ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Namba bado inasafiri mtandaoni ikiwa na alama ya kwamba isionyeshwe kwa mpokeaji. Kampuni ya simu inaiona na kuihifadhi. Tena alama hizo hazigusi ujumbe mfupi wala simu za WhatsApp: mwalimu akituma meseji "nilikupigia", namba yake imeshafika.

Sasa jina. Kwa mitandao yetu, simu ya kawaida huleta namba tu. Simu ya mzazi ndiyo inayoitafuta kwenye orodha yake ya majina. Akiwa amekuhifadhi "Ticha Hesabu", ndivyo utakavyoonekana, na jirani yake aliyekuhifadhi "Baba Neema" ataona hivyo. Huwezi kulibadilisha ukiwa upande wako.

Pale ambapo hujahifadhiwa lakini jina likatokea, mara nyingi ni programu kama Truecaller, inayopeleka namba kwenye kanzidata yake na kurudisha jina lililomo humo. Hilo unaweza kulirekebisha kwa kujisajili na kuandika jina lako, au ukafunga akaunti na kuomba namba iondolewe kwenye tovuti yao. Na ukipiga kwa `#31#`, programu hiyo haina namba ya kutafutia, kwa hiyo jina halitokei.