Jinsi ya kuachana na developa wa mkataba na mfumo wako ukabaki kwako

Juzi nilikuwa namsaidia mama mmoja wa Mwanza mwenye duka la dawa la jumla. Mfumo wake wa mauzo aliandikiwa kwa Laravel na kijana anayejitegemea, sasa kijana kapata ajira na wanaachana kwa amani tu. Naandika tulivyofanya kwa mpangilio uleule, maana mpangilio ndo kila kitu hapa: kwanza umiliki, halafu ukague, mwisho ndo umtoe. Ukianza kumtoa, vilivyobaki utaviomba kwa mtu uliyeshamfungia mlango.

1. Domeini na imeili

Ingia kwenye akaunti ya kampuni iliyouza domeini uangalie imeili ya mmiliki. Kama ni ya developa, siku ukisahau paswedi barua inaenda kwake. Mwambie aihamishie kwenye akaunti yako ndani ya kampuni ileile. Kwa domeini ya .com usikimbilie kuhamia kampuni nyingine wiki hiyo, kwa sababu ukibadilisha jina la mmiliki mara nyingi inafungwa siku 60 isihame.

2. Msimbo

Kama uko GitHub kwenye akaunti yake, mimi napendelea ahamishe mradi mzima kwa "Transfer ownership" kuliko akutumie zipu, zipu haina historia na hujui ni ya lini. Mwaliko ukifika ukubali siku hiyohiyo, unaisha baada ya siku moja. Na ujue kwamba akishahamisha, GitHub inamwacha kama mshiriki wa mradi, kwa hiyo kumtoa ni kazi nyingine ya baadaye.

3. Hakikisha ulichopewa ndicho kinachofanya kazi

Hapa ndo tulipokaa siku nzima, kwa hiyo nisamehe nikirefusha. Madevelopa wengi wanarekebisha vitu moja kwa moja kwenye seva mteja akipiga simu analalamika, na marekebisho hayo hayafiki GitHub. Ingia kwenye seva, kwenye folda ya mfumo, uandike:

```
git fetch
git status
git log origin/main..HEAD
```

(Kama tawi lenu linaitwa jina lingine, weka hilo badala ya `main`.) Sisi tulikuta mafaili manne yamebadilishwa, moja ni la kukokotoa bei ya jumla. Kijana akayapandisha kwa dakika kumi, lakini angekuwa ameshaondoka hapo tungekuwa tunabahatisha.

Halafu faili la `.env`. Hili haliingii GitHub, na halipaswi kuingia, humo ndo kuna paswedi ya databesi, funguo za malipo na za SMS, na kitu kinaitwa `APP_KEY`. Nilipowasha mfumo kwenye seva mpya nilikuwa sina `.env` ya zamani, nikatengeneza ufunguo mpya kwa `php artisan key:generate` kama tunavyofanya kila siku kwenye mradi mpya. Mfumo ukawaka vizuri, watu wakaingia na paswedi zao zilezile, ila kila nikifungua taarifa za mteja inatoka "The MAC is invalid." Nikahangaika na databesi masaa mengi nikidhani bakapu imeharibika, kumbe namba za simu za wateja zilifichwa kwa ufunguo wa zamani na mpya hauwezi kuzifungua. Paswedi zilipona kwa sababu hazitumii ufunguo huo. Kijana alipotuma `.env` yake, ikaisha palepale. Ufunguo ule ukipotea kabisa, data hizo hazirudi.

Kwa hiyo chukua `.env` nzima, bakapu ya databesi, na folda ya `storage/app` yenye mafaili waliyopandisha watu, uwashe mfumo kwenye seva nyingine developa akiwa bado anapokea simu. Usitosheke na ukurasa wa kuingia, fungua mteja wa zamani, toa risiti, jaribu malipo madogo.

4. Sasa mtoe

Ukibadilisha paswedi ya seva tu, bado anaingia kwa ufunguo wake wa SSH. Fungua `~/.ssh/authorized_keys` ya kila mtumiaji, root pia, ufute laini yake. Mtoe GitHub. Badilisha paswedi ya databesi na funguo za malipo na SMS, kwani alishaziona zote. `APP_KEY` iache mwisho, na kama ni Laravel 11 au zaidi ule wa zamani uweke kwenye `APP_PREVIOUS_KEYS` kabla ya kuweka mpya, data za zamani zitaendelea kusomeka.

5. Malipo

Tulikubaliana kwa maandishi kwamba theluthi ya mwisho inatoka mfumo ukishawaka kwenye seva mpya. Ulipowaka saa kumi jioni, mama akatuma hela hapohapo, na kijana akaahidi kupokea simu kwa wiki mbili zaidi.