Picha ya kasida: tazama mwisho wa kushoto kwanza

Wanaopiga picha kurasa za kasida za Kiarabu hapa Lamu ili wazitafsiri kwa simu, angalieni mpangilio kabla ya maana. Kila beti ina nusu mbili zenye nafasi nyeupe katikati. Nusu ya kulia ndiyo inayotangulia, kisha ya kushoto, ndipo unashuka mstari wa pili. Simu ikiona ile nafasi nyeupe hudhani ni safu mbili za gazeti, ikasoma upande mmoja wote hadi chini kisha ikarukia wa pili. Tafsiri inatoka na maneno sahihi lakini mwenye kuuliza anajibiwa beti kumi baadaye.

Kipimo ni kina, yaani sauti ya mwisho inayorudiwa. Kasida yenye kina cha herufi mimu, nusu zote za kushoto zitaishia kwa mimu. Za kulia hazilazimiki, isipokuwa beti ya kwanza, ambayo mara nyingi huishia hivyo pande zote mbili. Sasa soma maandishi yaliyotolewa na simu: mimu ikija mwishoni mwa kila nusu ya pili, mpangilio uko sawa. Zikirundikana zote upande mmoja wa orodha, zimesomwa kwa safu. Hapo kata picha, mstari mmoja mmoja. Inachosha, lakini ni haraka kuliko kupanga upya.

Utenzi wa hati za Kiarabu wenye vipande vinne kwenye mstari mmoja ni vivyo hivyo: kina cha bahari, kile kinachorudi mwisho wa kila ubeti, hukaa kushoto kabisa.